Msikilizaji Ajue Tuko Wapi: Slaidi ya Ajenda na Maneno ya Njia Katika Wasilisho Refu

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wasimamizi wa wadi, wasimamizi wa vijiji na maafisa wa idara wanaojiandaa kwa vikao vya umma vya bajeti, Lambwe.

 

Kwa muda nilionao leo nitazungumzia mambo matatu. La kwanza, jinsi ya kutengeneza slaidi ya ajenda ambayo mwananchi anaweza kuitumia. La pili, maneno ya kusema unapotoka sehemu moja ya wasilisho na kuingia nyingine. La tatu, jinsi ya kujua, mkiwa bado katikati ya kikao, kama watu wako pamoja nawe au wamepotea. Baada ya kila jambo nitasimama kidogo, mwenye swali aulize.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linatuhusu. Katiba yetu, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, ilitaja mambo yanayofanya ushirikishwaji wa umma uwe wa maana. La kwanza katika orodha ile ni kwamba jambo linalojadiliwa liwe wazi kwa umma. Kwa hiyo kukodi hema, kupanga viti na kuzungusha karatasi ya mahudhurio hakutoshi. Mama aliyetembea kutoka upande wa mbuga ya Ruma, akakaa saa moja na nusu, akarudi bila kujua barabara yake ilitajwa wapi, hajashirikishwa. Jina lake liko kwenye orodha, lakini maoni yake hayako kwenye kumbukumbu.

Mtu anayesoma kitabu akipotea hurudi nyuma kurasa mbili. Anayesikiliza hana ukurasa wa kurudia. Yuko kama abiria wa matatu ya usiku kutoka Homa Bay kwenda Mbita: nje ni giza, na asipotajiwa steji kabla gari halijafika, atajikuta ameshapita nyumbani. Slaidi ya ajenda humwambia abiria steji zote kabla gari halijaondoka. Maneno ya njia ndiyo sauti ya makanga njiani. Ukimpa kimoja bila kingine, bado atapotea.

Sasa tuingie jambo la kwanza, slaidi ya ajenda.

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa wengi wenu mtauona si mgeni. Ni mwezi wa Aprili. Afisa wa bajeti anakuja wadi ya Lambwe na rasimu ya makadirio ya mwaka ujao wa fedha. Ana slaidi 54 na dakika 90. Slaidi yake ya pili ndiyo ajenda, nayo ina mistari 11: utangulizi, msingi wa kisheria, mtazamo wa kiuchumi, utekelezaji wa bajeti ya mwaka huu, vyanzo vya mapato, matumizi ya kawaida, matumizi ya maendeleo kwa kila idara, mgao wa wadi, changamoto, mapendekezo, hitimisho.

Kila mstari pale ni sahihi. Vichwa hivyo vimetoka kwenye hati yenyewe, kwa mpangilio wa hati. Shida ni kwamba hiyo ni ajenda ya aliyeandika hati. Mrudie yule mama wa Ruma. Anataka kujua kama zahanati iliyoanzwa mwaka huu itamalizwa. Jibu lake liko wapi katika ile mistari 11? Sehemu moja iko katika utekelezaji, sehemu nyingine katika matumizi ya maendeleo, na pengine lingine katika mgao wa wadi. Hawezi kujua angoje wapi. Basi atafanya moja kati ya mawili: atauliza mapema, wakati wa mtazamo wa kiuchumi, naye ataambiwa angoje, au atanyamaza mpaka mwisho, wakati muda umeisha na watu wameshasimama.

Afisa huyo achukue slaidi zilezile 54 na azipange chini ya maswali ambayo watu wamekuja nayo. Ajenda yake sasa itasomeka hivi:

1. Pesa za kaunti zinatoka wapi? (dakika 10)
2. Za mwaka huu zimefanya nini hapa Lambwe? (dakika 20)
3. Za mwaka ujao zimepangiwa nini hapa Lambwe? (dakika 25)
4. Ukitaka mpango ubadilike ufanye nini, na mwisho ni lini? (dakika 15)

Maswali: dakika 5 baada ya kila sehemu.

Ukijumlisha, dakika 70 za kuzungumza na 20 za maswali, ni zilezile 90. Angalieni yaliyotokea kwa vichwa vya zamani. Mtazamo wa kiuchumi na vyanzo vya mapato vimeingia namba moja. Msingi wa kisheria umehamia namba nne, kwa sababu pale ndipo sheria inamsaidia msikilizaji: inamwambia mlango uko wapi. Changamoto zimegawanywa, kila moja ikasemwa karibu na mradi unaohusika. Utangulizi na hitimisho vimetoka kabisa kwenye slaidi. Utavifanya, lakini hakuna mtu aliyekuja kusikiliza utangulizi.

Mistari minne au mitano inatosha. Ikizidi hapo, watu hawawezi kuibeba kichwani, na ajenda isiyobebeka kichwani inakufa mara tu slaidi inapobadilika. Ukiona huwezi kushuka chini ya saba, mara nyingi maana yake ni kwamba una mawasilisho mawili, na moja linafaa kwenda kwa karatasi ya kugawa.

Kuandika dakika mbele ya kila mstari kuna kazi mbili. Kunamwonyesha msikilizaji uzito uko wapi, ili mwenye haja na sehemu ya tatu aweke nguvu zake hapo. Na kunakubana wewe. Ukitumia dakika 25 kwenye sehemu uliyoahidi 10, kila mtu anaona, na mwenyekiti ana haki ya kukukumbusha.

Jambo lingine la slaidi hii ni kwamba haionyeshwi mara moja tu. Inarudi mwanzoni mwa kila sehemu. Kwenye kompyuta ni kazi ndogo: chagua slaidi ya ajenda pembeni, bonyeza Ctrl + D upate nakala, iburute mpaka mwanzo wa sehemu inayofuata, kisha sehemu mnayoingia iache kwa rangi nzito na nyingine zote uzipe rangi ya kijivu. Usibadilishe maneno, na usibadilishe mahali pa mistari. Jicho linakumbuka mahali kuliko linavyokumbuka maneno, na mstari wa tatu ukibaki palepale, hata asiyesoma vizuri atajua tumeshuka hatua moja.

Slaidi hiyo inayorudi ni ya wanaochelewa pia. Kwenye vikao vyetu watu hawaingii wote saa tatu. Wengine wanatoka kukamua, wengine sokoni, wengine wamengoja bodaboda. Kila ajenda inaporudi, aliyeingia sasa hivi anapata kikao chote kwa mtazamo mmoja.

Na umeme ukipotea? Au kikao kiwe chini ya mti, mchana, projekta haionekani? Karatasi ya manila inafanya kazi hii vizuri, na pengine inaishinda projekta. Andika ile mistari minne kwa kalamu ya wino mzito, herufi ziwe na urefu wa vidole vinne, aliye nyuma azione. Ibandike pembeni mwa mahali unaposimama, ikae hapo mpaka mwisho. Chukua kibanio cha nguo ukibane ukingoni mwa karatasi, mbele ya sehemu mliyoko, na mkimaliza sehemu, kisogeze chini watu wakiona. Hata penye umeme ningewashauri muibandike, kwa sababu slaidi huja na kuondoka, lakini karatasi hukaa.

Hilo ndilo jambo la kwanza: ajenda itoke kwenye maswali ya watu, iwe fupi, na irudi. Kuna swali? ... Haya. Lakini kati ya ajenda moja na inayofuata kuna dakika 20 ambazo watu hawaioni, au wanaiona bila kujua umefika wapi ndani yake. Hapo kinachowaongoza ni mdomo wako. Ndilo jambo la pili: maneno ya njia.

Mahali pa hatari katika wasilisho ni kwenye maungio, pale unapotoka sehemu moja kwenda nyingine. Wengi wetu tunavuka hapo kwa neno moja: "Haya," au "Tuendelee," au kubonyeza tu slaidi inayofuata. Msemaji anajua amevuka kwa sababu hati iko mkononi mwake. Msikilizaji bado yuko ng'ambo ile, na anasikia habari za mwaka ujao akidhani ni za mwaka huu. Katika bajeti hilo ni kosa la gharama: mtu anarudi kijijini kusema zahanati imejengwa, kumbe imependekezwa.

Kwenye kila ungio sema sentensi tatu. Ya kwanza inafunga: inatoa jibu la swali la sehemu iliyopita, kwa kifupi. Ya pili inaunganisha: inasema kwa nini inayofuata inafuata. Ya tatu inafungua: inataja namba na swali jipya. Yule afisa wetu, akitoka sehemu ya pili kuingia ya tatu, angesema hivi:

"Tumemaliza sehemu ya pili: kati ya miradi iliyopangwa Lambwe mwaka huu, tumeona iliyokamilika, na tumeona ile ambayo bado. Ile ambayo bado haiwezi kumalizika bila pesa za mwaka ujao, kwa hiyo tuangalie kama pesa hizo zimewekwa. Sasa tunaingia sehemu ya tatu: za mwaka ujao zimepangiwa nini hapa Lambwe?"

Kisha anyamaze. Ahesabu moja, mbili, tatu moyoni, slaidi ya ajenda ikiwa mbele ya watu. Kimya hicho ndicho kinachowapa nafasi ya kuvuka. Ukisema sentensi nzuri tatu na kuendelea bila kupumua, hazitasikika kama ungio. Zitasikika kama maelezo mengine tu.

Mwaona sentensi ya kufunga inatoa jibu. Kusema "tumezungumzia utekelezaji" hakumsaidii mtu, kwa sababu anajua mmezungumza. Mpe kitu cha kubeba: nini kimekamilika, nini hakijakamilika. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo kabla ya kikao, sehemu yenyewe haijaiva, hata ikiwa na slaidi kumi.

Ndani ya sehemu kuna maneno madogo ya njia. "Sababu ni mbili. Ya kwanza..." Ukishasema mbili, ziwe mbili. Ukiishia kwenye moja, msikilizaji atakaa akingoja ya pili mpaka ahisi amelala. "Hapa natoka nje ya ajenda kidogo, nieleze habari ya mbung'o, kisha nitarudi kwenye mifugo." Na ukirudi, sema umerudi. "Namba ya kushika ni hii moja, nyingine ziko kwenye karatasi." Hilo la mwisho ni ruhusa, kwa sababu msikilizaji anayejaribu kushika kila namba haishiki hata moja.

Kuna neno moja la njia la kuliwekea akiba: "kwa kumalizia". Lisemwe mara moja, nalo lifuatiwe na kumaliza. Mkilisema dakika ya 60 wakati sehemu ya nne bado, watu wataanza kukusanya mikoba, na sehemu ya nne ndiyo inayowapa nguvu. Humo ndimo wanapoambiwa kwamba makadirio yanapaswa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kwamba hata yakishafika, kamati ya bunge inayoyachunguza inatakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 kuzingatia maoni ya umma kabla ya kutoa mapendekezo yake. Yaani kuna mlango wa pili. Aliyeondoka kwenye "kwa kumalizia" ya uongo hatausikia.

Na hapa kwetu tuna jambo la ziada, mkalimani. Mara nyingi msemaji anatumia Kiswahili au Kiingereza, na mkalimani anaweka kwa Dholuo. Mkalimani aliyechoka, au anayebanwa na muda, anaangusha maneno ya njia kwanza. Kwake yanaonekana kama mapambo. Anaharakisha kwenye namba na majina ya miradi. Matokeo yake, wanaokusikia wewe wana vibao vya njia, na wanaomsikia yeye wana orodha isiyo na mwisho. Dawa ni kumpa ajenda na zile sentensi za maungio kwa maandishi, siku moja kabla au hata asubuhi ile, na kumwambia waziwazi kwamba hizi hazipunguzwi. Mkubaliane atasema vipi ya kwanza, ya pili, ya mwisho, naye ayaseme hivyohivyo kila mara. Na usibadilishe slaidi kabla hajafika mwisho wa sentensi ya kufungua, ama sivyo nusu ya watu watasoma kitu kimoja huku wakisikia kingine.

Hayo ndiyo maneno ya njia: funga, unganisha, fungua, kisha nyamaza. Ajenda mnayo, maneno mnayo. Limebaki swali kama vinafanya kazi, maana kutikisa kichwa si ushahidi. Wazee wetu wana heshima, watatikisa kichwa hata wakiwa wamepotea. Tuingie jambo la tatu na la mwisho: utajuaje?

Kabla ya kikao, fanya jaribio la dakika tatu. Mtafute mtu asiye wa idara yako: dereva, karani, jirani. Msomee ajenda na sentensi za maungio pekee, bila slaidi nyingine hata moja. Kisha mwombe akueleze wasilisho lako linasema nini. Akiweza kusema "mnaonyesha pesa zinatoka wapi, zimefanya nini, zitafanya nini, na tukitaka kubadilisha tuandike kwa nani," njia ipo. Akisema tu "ni mambo ya bajeti," rudi mezani.

Wakati wa kikao, sikiliza maswali yanakuja kwa aina gani. Swali juu ya jambo ulilokwisha kulieleza, likiulizwa na mtu mmoja, pengine alichelewa. Likiulizwa na wawili au watatu, sentensi yako ya kufunga haikufika; irudie sasa, kwa maneno mepesi zaidi, kabla ya kwenda mbele. Swali juu ya jambo lililo mbele lina maana nyingine: muulizaji hakuiona ajenda, au haamini kwamba utafika huko. Usimwambie tu "ngoja." Nyoosha kidole kwenye karatasi ya manila, umwambie, "Mama, swali lako ni la sehemu ya tatu, bado kama dakika kumi, na nikifika hapo nitaanza nalo." Karani aliandike. Na ukifika, anza nalo kweli.

Baada ya kikao, soma kumbukumbu. Maoni ya watu yapangwe chini ya zile sehemu nne. Yakijaa chini ya "mengineyo," ajenda yako haikutokana na maswali ya watu wa hapa, na wadi inayofuata ibadilishwe. Sehemu moja ikiwa tupu kabisa, uliza kama watu walielewa wamefika hapo.

Lakini tusiyazidishe haya. Tangazo la dakika tano halihitaji ajenda. Wala usiseme "katika slaidi hii tunaona" mara 54. Kibao kila hatua si kibao tena. Ungio moja kila dakika 15 hadi 20 linatosha. Na maneno ya njia hayawezi kuokoa wasilisho ambalo halina njia. Ukiona sentensi ya kuunganisha inagoma kuandikika, yaani huoni kwa nini sehemu hii inafuata ile, usitafute neno tamu la kuziba. Hamisha sehemu.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja alete wasilisho lake la kikao cha wadi na ukurasa mmoja tu: ajenda ya mistari isiyozidi mitano, kila mstari ukiwa swali, na dakika zake, chini yake, sentensi za maungio. Tutasomeana kwa zamu, idara ya kilimo iwasomee watu wa afya, watu wa afya wawasomee wa barabara. Manila na kalamu ziko kwa msimamizi wa wadi.